Gari la Boksi Lisilochechemea

Mtaani kwetu mtoto wa miaka sita huunda gari la boksi kwa dakika chache. Anachukua boksi la dawa ya meno, anabandika vizibo vinne vya chupa za maji, anafunga kamba mbele, safari imeanza. Kabla hajafika kwa jirani, kizibo kimoja kimeanguka na vingine vitatu vinaburuzwa badala ya kuzunguka. Hapo ndipo mzazi anaposikia, "Mama, ninunulie gari la dukani." Ukilitazama gari lenyewe utaona kuwa lina makosa mawili tu, na yote yanarekebishika kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba.

Kosa la kwanza ni gundi. Kizibo cha chupa ya maji ni plastiki laini yenye utelezi, na gundi ya nyumbani haiishiki. Si uji wa unga wa ngano, si gundi nyeupe ya shuleni. Itakauka vizuri, utafurahi, kisha utaibandua kwa ukucha kama ganda la yai. Mrija wa soda nao ni vivyo hivyo. Kwa hiyo plastiki haigundishwi. Inatobolewa, inachomekwa au inashonwa, na gundi tunaiachia karatasi kwa karatasi.

Kosa la pili ni kulibandika gurudumu kwenye boksi. Gurudumu lililobandikwa halina pa kuzungukia. Linahitaji ekseli, na kijiti cha mishikaki kinatosha kabisa.

Tuchukue boksi lenye upana wa sentimita 8. Kata vipande viwili vya mrija, kila kimoja sentimita 9, ili kichomoze nusu sentimita kila upande na gurudumu lisisugue boksi. Kata vijiti viwili vya sentimita 12, ukiondoa ile ncha kali. Kijiti kinapita ndani ya mrija kwa nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayokiruhusu kuzunguka. Kama huna mrija, ganda la kalamu ya bik iliyokwisha wino linafaa, mradi kijiti kizunguke humo bila kukwama.

Mrija unashonwa chini ya boksi. Toboa matundu mawili, moja kila ubavu wa mrija, pitisha uzi, funga. Rudia upande wa pili. Usikaze mpaka mrija ukabonyea, maana utabana kijiti. Kabla ya kufunga fundo la mwisho, pima umbali kati ya mrija wa mbele na wa nyuma, kulia na kushoto. Vipimo viwe sawa. Ukiona gari linakata kona lenyewe kila linaposukumwa, rudi kwenye kipimo hiki.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye tundu la kizibo. Likikaa pembeni hata kidogo, gari litapanda na kushuka kila gurudumu linapozunguka. Watoto husema linachechemea, na wako sahihi. Ili kupata katikati, weka kizibo juu ya karatasi, kizungushie kalamu, kata duara hilo, likunje mara mbili. Mikunjo inapokatana ndipo katikati. Rudisha karatasi juu ya kizibo, tia alama, kisha mtu mzima apashe msumari mwembamba moto, aushike kwa koleo na atoboe. Afanyie nje, kwa sababu plastiki inayoungua ina moshi mbaya, na mtoto akae kando mpaka msumari upoe. Msumari uwe mwembamba kuliko kijiti. Tundu dogo linapanuka, pana halina dawa.

Au tuseme dawa ipo, nayo ni ndala iliyokatika. Kata kipande cha mviringo cha ndala, kikubwa kidogo kuliko nafasi ya ndani ya kizibo, ukisukumize humo kikae kwa kubana. Uso bapa wa kizibo uelekee kwenye boksi, uwazi uelekee nje. Kijiti kikipita kwenye tundu kikachoma ile ndala, inakishika barabara: gurudumu na ekseli vinakuwa kitu kimoja, na kinachozunguka ni kijiti ndani ya mrija. Pwani watoto wanaijua ndala siku nyingi. Kule Kiunga, kaskazini mwa Lamu, ndala zinazotupwa na bahari ziligeuzwa midoli na watoto, na kutokana na michezo hiyo ikazaliwa kazi ya Ocean Sole, wanaochonga wanyama wa ndala huko Kenya.

Sasa lipime. Inua upande mmoja wa ubao kwa daftari mbili, liachie gari juu. Likigoma kabisa, angalia kama uzi umebana mrija au kizibo kimegusa boksi. Likienda kwa kusitasita, likisimama kila gurudumu linapofika sehemu ileile, basi tundu moja limekaa pembeni. Mara nyingi utalijua kwa kulizungusha kwa kidole na kutazama ukingo wake. Likiteleza kwenye sakafu bila magurudumu kuzunguka, ni jepesi mno. Fungia mchanga kwenye kitambaa, uuweke ndani kama mzigo.

Bodi ijengwe upendavyo. Boksi nene la katoni lina mawimbi ndani yake. Ukilikunja kufuata mawimbi linakubali, ukilikata kwa kuvuka mawimbi linasimama imara, kwa hiyo ubavu wa lori uwe na mawimbi yaliyosimama wima. Uji wa kugundishia ni kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, ukorogwe jikoni mpaka uwe mzito na kung'aa. Paka kidogo, kandamiza kwa kitabu usiku kucha. Pika wa kutumia siku hiyohiyo, kwani unachacha upesi na mende wanaupenda.

Vizibo vya soda vya bati mimi siviweki kwenye gari la mtoto. Meno yake yanakwaruza, na kikipondwa kwa nyundo ukingo unakuwa wembe.

Lakini hata kizibo cha plastiki kina mwenyewe. Kina upana wa takriban sentimita 3, na kitu cha namna hiyo kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Kipimo cha nyumbani ni lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita humo kisiwe mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nyumba yenye wa miaka sita na wa mwaka mmoja na nusu ina tatizo hapa, kwa sababu mdogo atalitaka gari la kaka. Mshonee chake.

Mwanasesere wa kanga kuukuu anatosha. Kata vipande viwili vya umbo la mtu, urefu sentimita 20, mikono na miguu minene, maana myembamba inasumbua kugeuzwa. Shona bakia kwa ndani, uache uwazi wa vidole vitatu ubavuni, geuza kwa mpini wa kijiko. Jaza miguu na mikono kwanza kwa vipande vidogo vya fulana. Shingoni pitisha kitambaa kilichoviringishwa kutoka kichwani hadi kifuani, la sivyo kichwa kitalala baada ya siku mbili. Macho yadariziwe kwa uzi. Vifungo vinang'oka, na vinapita kwenye lile bomba. Sufi ni laini kuliko vipande vya fulana, ila nyuzi zake hupenya kitambaa chepesi, basi ifungie kwenye mfuko wa ndani kwanza.

Mwanasesere akifuliwa, akamuliwe na kuanikwa juani mpaka ubonyeze tumbo lake bila kusikia ubaridi. Matambara hubaki na maji katikati huku nje pamekauka, na baada ya hapo huvunda. Gari lenyewe likilowa mvua, kata nyuzi, okoa magurudumu na ekseli. Boksi jipya lipo duka lolote la mtaa, ukiomba kabla mwenye duka hajaliwashia moto.