Joto Kali Kuliko Yote Limejibanza Kwenye Kona

Bati la chuma limekatwa umbo la pembetatu. Pembe zake ziko kwenye nukta (0, 0), (4, 0) na (0, 4), tukipima kwa desimita: x inakwenda kulia, y inakwenda juu. Joto lake halilingani kila mahali. Nyuzi za Selsiasi katika nukta yoyote zinapatikana kwa fomula hii:

T = x² + y² − xy − 3x + 20

Wapi pana joto kali kuliko kote, na wapi pana joto dogo kuliko kote? Nukta za bati hazina idadi, kwa hiyo kuzipima moja moja haiwezekani. Lakini hisabati inaweza kuzichuja mpaka zikabaki chache tu.

Kwanza tujiridhishe kwamba jibu lipo. Karl Weierstrass, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19, ameacha jina lake kwenye kanuni inayotuhakikishia hilo kwa masharti mawili. Fomula isiwe na miruko ya ghafla, na eneo liwe na mipaka pande zote, huku kingo zake zikihesabiwa kuwa sehemu yake. Bati letu linatimiza yote mawili.

Sasa tuanze ndani. Ukisimama ndani ya bati, unaweza kusogea upande wowote. Ikiwa joto bado linapanda kuelekea upande mmoja, basi linashuka ukigeukia upande wa pili, na hapo ulipo hapawezi kuwa kilele wala bonde. Kwa hiyo ndani tunatafuta mahali ambapo kasi ya badiliko ni sifuri kwa x na pia kwa y:

2x − y − 3 = 0
2y − x = 0

Mlinganyo wa pili unasema x ni mara mbili ya y. Tukiliingiza hilo katika wa kwanza, tunapata y = 1 na x = 2. Nukta (2, 1) imo ndani ya bati kweli, na joto lake ni nyuzi 17. Kama ingeangukia nje, tungeiacha kabisa.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Ukingoni sharti la sifuri halifanyi kazi tena, kwa sababu joto linaweza kuwa bado linapanda pale pale bati linapokwisha. Kingo zinahitaji hesabu yake.

Kila ukingo hutupunguzia kigeu kimoja. Kwenye ukingo wa chini y ni 0, na fomula inabaki x² − 3x + 20. Kasi yake ni sifuri x ikiwa 1.5, na joto hapo ni 17.75. Kwenye ukingo wa kushoto x ni 0, inabaki y² + 20, ambayo inapanda tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Kwenye ukingo wa mshazari y ni sawa na 4 − x. Tukibadilisha tunapata 3x² − 15x + 36, ambayo kasi yake ni sifuri x ikiwa 2.5. Nukta hiyo ni (2.5, 1.5), na joto lake ni 17.25.

Zimebaki pembe tatu, ambazo husahauliwa kuliko kitu kingine chochote. Joto lake ni 20 kwenye (0, 0), 24 kwenye (4, 0) na 36 kwenye (0, 4).

Sasa tunashindanisha nukta sita: 17, 17.75, 17.25, 20, 24 na 36. Joto dogo kabisa ni nyuzi 17, ndani, kwenye (2, 1). Joto kali kabisa ni nyuzi 36, kwenye pembe ya juu. Hatukuhitaji kuchunguza kama kila nukta ni kilele au bonde. Kulinganisha thamani kunatosha.

Tazama pembe hiyo ya juu kwa makini. Pale, joto linapanda kwa kasi ya nyuzi 8 kwa desimita kuelekea juu. Si kilele cha fomula hata kidogo. Ni mwisho wa bati. Anayetafuta sifuri peke yake asingeiona kamwe. Na tukiziondoa kingo zisihesabiwe, bati linakosa joto kali kabisa: unaweza kuikaribia 36 utakavyo, usiifikie.

Ukitaka kukagua kazi yako, chagua nukta yoyote, tuseme (1, 1), ambayo joto lake ni 18. Ukipata iliyo chini ya 17 au juu ya 36, ujue umeacha mgombea mmoja. Rudi kwanza kwenye kingo na pembe.