Barua ya kumkaribisha mfanyakazi mpya

Barua ya ukaribisho hutumwa kwa mfanyakazi mpya baada ya kusaini mkataba na kabla ya siku ya kwanza kazini. Si barua ya ajira. Mshahara, saa za kazi na wajibu wa pande mbili hukaa kwenye mkataba. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mambo hayo kwa maandishi. Barua ya ukaribisho ina kazi ndogo zaidi: kumfikisha mgeni kwenye kiti chake, na kumjulisha atakaowakuta pale.

Makosa mengi hutokea kwenye saa. Ofisi ikiandika tu "Jumatatu, 2:00", simu ya mgeni itaweka kengele ya usiku wa manane au ya mchana, maana simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, wakati watu huhesabu kuanzia alfajiri. Ni salama kuandika kwa namna zote mbili: saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00 kwenye simu. Saa hiyo yenyewe ichaguliwe kwa makusudi. Timu inayoanza kazi saa 2:00 na kufanya kikao kifupi kila Jumatatu haina mtu wa kumpokea mgeni saa 2:00. Akiambiwa aje saa 3:00, atamkuta mwenyeji wake ameshatoka kikaoni.

Baada ya saa ni njia. Tuchukue ofisi ya wahasibu iliyo ghorofa ya nne, jirani na Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, inayompokea karani anayeishi Kimara. Kumwandikia "Mtaa wa Samora" hakumsaidii sana, kwa kuwa mtaa ni mrefu na majengo yanafanana. Kinachomfaa ni hiki: "Panda mwendokasi la Kivukoni, ushuke Posta ya Zamani, kisha utembee hadi Sanamu ya Askari. Mlango wetu uko upande wa pili wa barabara, kati ya duka la dawa na benki. Mlinzi atakuandika kwenye daftari, kwa hiyo uwe na kitambulisho. Mwambie unakwenda ghorofa ya nne kwa mhasibu mkuu." Namba ya simu ifuate hapo hapo, iwe ya mtu atakayepokea asubuhi ile, si ya mapokezi yanayofunguliwa baadaye. Mlinzi naye apewe jina la mgeni mapema. Barua nzuri kiasi gani haifui dafu kwa mlinzi asiyejua kuna mtu anayekuja.

Sehemu ya timu ndiyo huandikwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mwandishi hunakili orodha ya vyeo. Mgeni anayesoma "Afisa Rasilimali Watu" hapati picha ya mtu. Ofisi nyingi zina majina mawili kwa kila mtu, la kwenye orodha ya mishahara na lile analoitwa. Mama aliyeajiriwa kwa jina la ukoo huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mgeni akimuulizia kwa jina la ukoo huenda asioneshwe. Kwa hiyo barua itaje jina, namna anavyoitwa, na jambo la kumwendea: huyu ndiye mwenye funguo za kabati la mafaili, yule ndiye anayefungua akaunti ya kompyuta, na huyu amepangwa kukaa na mgeni wiki ya kwanza. Watu watano wanatosha. Wengine atawajua akifika.

Nyaraka zitajwe kwa ufupi: namba ya NIDA, TIN, namba ya uanachama wa NSSF kama anayo, na akaunti ya benki. Aambiwe pia kipi kinaweza kusubiri, asije akahangaika foleni mwisho wa wiki. Kama orodha ya mishahara hufungwa tarehe 20 naye anaanza tarehe 23, aelezwe mapema kwamba malipo ya siku hizo yatakuja na mshahara wa mwezi unaofuata. Nauli na kodi ya nyumba hupangwa kwa taarifa kama hiyo. Barua isidai fedha yoyote, iwe ya sare au ya kupima afya. Matapeli wa ajira huandika hivyo, na mgeni mwangalifu ana haki ya kushtuka.

Barua ikitumwa Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu, haiachi siku ya kazi ya kurekebisha kosa. Wiki moja kabla inafaa, pamoja na ombi kwamba mgeni ajibu kuthibitisha siku, saa na mlango. Asipojibu ndani ya siku mbili, apigiwe simu.