Ofa ya maua ya mahafali: tazama saa kabla ya bei

Wiki chache kabla ya mahafali ya vyuo vikuu, wauza maua wa Nairobi huanza kurusha matangazo kwenye simu na kwenye vibao vya vibanda vyao, City Market na kwingineko. Mengi yana sura hii: shada la mawaridi 20 kwa Sh2,500, ukiagiza wiki moja mapema Sh2,000, na tunafikisha siku hiyo hiyo. Bei hizi ni za mfano, maana kila muuzaji ana zake. Wanunuzi wengi hukimbilia kile kipunguzo cha Sh500. Ahadi inayohitaji kuchunguzwa zaidi ni ile ya kufikisha.

Kipunguzo chenyewe kina sababu yake. Tuseme muuzaji hununua waridi moja kwa Sh40. Mawaridi 20 ni Sh800, lakini atanunua 23 au 24, kwa sababu mengine huja yamevunjika shingo au petali zimechubuka. Hapo amefika karibu Sh950. Ongeza vijiua vyeupe vya jipsofila vya kujazia, karatasi na utepe, kama Sh350, kisha boda ya Sh400. Kwa shada la Sh2,500 anabaki na takriban Sh800, na humo ndimo mnatoka kodi ya kibanda na ujira wa anayefunga mashada. Akiuza kwa Sh2,000 anabaki na Sh300. Mbona akubali? Kwa sababu ua lililoagizwa na kulipiwa halimlalii. Asiyejua ataagizwa mashada mangapi hukisia, na akikosea anatupa mzigo siku chache baadaye. Kwa hiyo ofa ya kweli hudai malipo mapema. Ukiona kipunguzo kikubwa kinachotolewa asubuhi ya mahafali yenyewe, uliza maua yaliingia dukani lini.

Msimu nao una neno. Mawaridi mengi ya Kenya, yakiwemo ya mashamba ya Naivasha, husafirishwa Ulaya. Mwanzoni mwa Februari soko la nje huyagombania kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, na bei hapa nyumbani hupanda. Katikati ya mwaka, kiangazi kinapoingia Ulaya, mahitaji ya huko hushuka na maua zaidi hubaki nchini. Mahafali yanayoangukia miezi hiyo humpa mnunuzi nafasi nzuri ya kupatana bei.

Sasa tuje kwenye kufikisha. Chukua mahafali yanayofanyika katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa kando ya barabara ya Thika. Wahitimu huketi mapema asubuhi, na hawainuki mpaka hotuba ziishe na shahada zitolewe, aghalabu mchana. Shada likifika saa nne asubuhi halina wa kulipokea. Mwenye boda atasubiri langoni juani, au atamwachia bawabu, na mawaridi yasiyo na maji hunyauka upesi kwenye joto. Ukiagiza saa tano mchana huohuo, nalo likafungwa na kutoka mjini saa saba, litakutana na msururu wa magari ya wazazi. "Siku hiyo hiyo" inaweza kumaanisha saa kumi na moja jioni, picha zimekwisha pigwa na joho limerudishwa.

Kwa hiyo mwambie muuzaji saa, usimwambie siku tu. Taja lango. Mpe namba ya mjomba au dada atakayekuwa nje, si ya mhitimu, ambaye simu yake huenda imezimwa. Mpe na namba ya pili, kwani watu maelfu wakipiga simu mahali pamoja mtandao husongamana. Uliza pia ua litabebwaje: kwenye boksi refu lenye pamba mbichi chini ya mabua, au limening'inia kwenye usukani? Upepo wa pikipiki unakausha petali.

Likifika, libinye kidogo kichwa cha waridi pale chini, karibu na kikonyo. Likiwa gumu ni jipya. Likibonyea kama sponji limekaa. Petali za nje zenye rangi ya kijani au mikwaruzo zisikutishe, mara nyingi huachwa makusudi zilinde za ndani, nawe unaweza kuzing'oa. (Pia mti wa baluni na dubu wa kuchezea hauongezi uhai wa ua, huongeza bei tu.)

Waridi likiinamisha shingo jioni, mara nyingi hewa imeziba mirija ya bua na maji hayapandi. Kata sentimita mbili au tatu kwa mshazari, vichwa vikiwa vimefungwa wima kwa gazeti, kisha tumbukiza mabua kwenye maji vuguvugu kwa saa moja hivi. Mengi huinuka. Usiyaweke karibu na ndizi zinazoiva, kwani hutoa gesi inayozeesha maua, na jipsofila huathirika upesi kuliko waridi.