Kibandiko kinasema hivi, mashine inasema vile

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha TEHAMA mara nyingi huanza kwa kuzungukia vyumba vya ofisi, akiandika namba za kompyuta kwenye rejista ya mali. Kazi huonekana ya kunakili tu. Lakini kompyuta ikiibwa, polisi hawawezi kuitafuta kwa kuambiwa ni Dell nyeusi. Wanahitaji namba ya mfululizo, ile inayotanguliwa na herufi S/N.

Kosa la kwanza huzaliwa kwenye kibandiko chenyewe. Karibu na S/N huwapo P/N, namba ya aina ya bidhaa, ambayo kompyuta zote za toleo moja huwa nayo. Ukiona mashine kumi kwenye rejista zina namba ileile, ujue mwandishi alinakili mstari usio wake. Kwa kompyuta za Dell, namba inayotakiwa huitwa Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba.

Kibandiko kikifutika, mashine yenyewe huulizwa. Kwenye Windows, mwanafunzi hufungua PowerShell na kuandika:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
```

Jibu hulingana na kibandiko, isipokuwa pale fundi alipobadilisha ubao mkuu. Namba hiyo huhifadhiwa kwenye ubao, kwa hiyo ubao mpya usiposajiliwa upya unaweza kurudisha nafasi tupu au namba ya mashine nyingine kabisa. Kompyuta za kuunganishwa na mafundi nazo huweza kujibu "To Be Filled By O.E.M.", yaani hakuna aliyewahi kuijaza. Maneno hayo hayafai kuingizwa kama namba. Hapo ofisi hutegemea namba yake ya mali iliyobandikwa kwenye kasha.

Hatari nyingine imo ndani ya Excel, na hii ndiyo huumiza zaidi kwa sababu haionekani wakati wa kuandika. Tuseme monita ina namba 004512. Excel huiona kuwa hesabu, hufuta sifuri za mbele na kubakiza 4512. Printa yenye 4512E7 hugeuzwa kuwa 4.51E+10, kwani E husomwa kama alama ya kihesabu. Namba ya tarakimu zaidi ya 15 hupoteza za mwisho, zikawa sifuri. Kubadilisha muundo baadaye hakurudishi kilichopotea. Itabidi kurudi chumbani kusoma upya. Safu ya namba iwekwe kuwa Text kabla ya kuandika chochote.

Rejista inayofaa huwa na safu mbili, ya namba ya kibandiko na ya namba iliyotolewa na mashine. Zikitofautiana, zote mbili zibaki, na pembeni iandikwe tarehe ya matengenezo.