Chai ya Tatu, Ukurasa Ule Ule

Ikifika wiki ya UE, kupata kimbweta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kazi. Meza na mabenchi hayo ya zege huwa yamejaa wanaopiga msuli mpaka usiku wa manane, na haipiti muda mtu anainua simu. Picha hupigwa mara moja. Kinachomkalisha mtu ni kepsheni, na kumbe ana sura mbili za kumaliza kabla ya asubuhi.

Tuseme picha yenyewe ni hii: watu wanne, madesa yametapakaa mezani, kikokotoo, vikombe vya chai ya rangi, mmoja amelaza kichwa juu ya begi. Kepsheni inayokuja haraka ni "Nimechoka ila sikati tamaa." Haina kosa lolote, ila ingefaa hata chini ya picha ya fundi anayebeba tofali. Uchovu umetangazwa, nia nayo imetangazwa. Msomaji hakuachiwa cha kucheka wala cha kugundua mwenyewe.

Itazame picha tena, uchague kitu kimoja kilichomo. Chukua chai. "Chai ya tatu, ukurasa ule ule." Uchovu umeonekana bila kutajwa, na mtu anatabasamu. Lakini ukikomea hapo, anayesoma atadhani mmeshainua mikono. Nia iingie nyuma yake, tena kwa jambo dogo: "Chai ya tatu, ukurasa ule ule. Mwenye sukari asogeze, tunaendelea." Hakuna aliyejisifu hapo. "Tunaendelea" imepita pamoja na sukari, ndiyo maana inaaminika.

Utani una mipaka yake. "Tukutane sapu" humchekesha asiyewahi kurudia somo. Kwa rafiki anayehofia kudisko, huo si utani. Na yule aliyelala juu ya begi aulizwe kwanza. Ni yeye atakayechekwa darasani, si mwandishi wa kepsheni.

Urefu nao una hesabu yake. Instagram inaruhusu hadi herufi 2,200, lakini kwenye mtiririko wa picha huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, mengine mpaka mtu abonyeze. Ukianza kwa shukrani kwa wazazi na orodha ya masomo, chai haitafikiwa na mtu.

Halafu angalia unaiweka wapi. Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo ukitaka kutamba, tamba huko. Ya Instagram itakuwepo hadi matokeo yatoke, na "Safari hii A tupu" inaweza kukuumbua mbele ya watu wale wale walioipenda. Ile ya sukari haikuahidi alama yoyote. Ilisema mnaendelea, na usiku ule mliendelea kweli.