Fahamu: Kwa nini namba nyekundu haiondoki kwenye WhatsApp

Umesoma ujumbe wa fundi, huna nafasi ya kujibu, ukaurudisha kuwa haujasomwa. Kwenye aifoni unatelezesha gumzo kulia; kwenye Androidi unalibonyeza kwa muda, kisha unafungua menyu ya nukta tatu. Linabaki na kitone cha kijani. Fundi haoni badiliko lolote: tiki zake zikishakuwa za buluu, hazirudi nyuma.

Kitone hicho hakina namba, hivyo gumzo likishuka chini ya mengine ni rahisi kulisahau, na namba nyekundu kwenye aikoni inaendelea kudai ulisome. Juu ya orodha gusa kichujio cha magumzo yasiyosomwa, kisha ufungue gumzo hilo. Kagua na yaliyowekwa kwenye kumbukumbu.

Orodha ikiwa tupu na namba bado ipo, tatizo ni hesabu yenyewe. Aifoni haihesabu ujumbe wako. Huonyesha namba iliyopewa na programu au iliyokuja na arifa. Sasisho la kuifuta lisipofika, namba ya zamani inaganda. Fungua WhatsApp ukiwa na intaneti. Ikigoma, zima alama za aikoni kwenye mipangilio ya arifa, kisha uziwashe tena.