Mkakati wako unapata faida katika soko la namna gani?

Ukipima mkakati wa kununua na kuuza sarafu kwa bei za miaka iliyopita, kompyuta hukupa jumla moja tu ya faida. Jumla hiyo imechanganya siku za soko tulivu na za soko lililochafuka. Kabla ya kuweka fedha, ipasue ujue faida ilitoka wapi.

Unahitaji vipimo viwili. Cha kwanza ni mtikisiko: bei hubadilika kwa kiasi gani kwa siku, ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Cha pili ni mwelekeo. Mtu akitoka Kinanira akaenda moja kwa moja hadi katikati ya Bujumbura, umbali aliosogea unakaribia kulingana na hatua alizopiga. Akizungukazunguka mitaani na kurudi alipoanza, amechoka bure. Basi gawanya umbali ambao bei imesogea kwa siku 60 kwa jumla ya mabadiliko yake ya kila siku. Bei inayotangatanga tu hutoa takribani 0.13; uwiano ukifika 0.3, kuna mwelekeo. Kwa Python:

```
mtikisiko = bei.pct_change().rolling(20).std()
kiwango = mtikisiko.rolling(252).rank(pct=True).shift(1)
mwelekeo = (bei.diff(60).abs() / bei.diff().abs().rolling(60).sum()).shift(1)
```

Hiyo `shift(1)` ndiyo inayokuzuia kujidanganya: kila biashara hupewa alama kwa taarifa zilizokuwapo jana yake. Ukitumia bei ya siku yenyewe, au ukiipa biashara alama baada ya kuifunga, unachungulia majibu kabla ya mtihani.

Tuchukue mfano wa kubuni: mkakati wa kufuata mwelekeo, biashara 200, kila moja ikihatarisha franki 10,000. Faida yote ni franki 200,000. Ukizigawa, mwelekeo wenye utulivu una biashara 60 na faida ya 300,000. Mwelekeo wenye mtikisiko una 50 na faida ya 50,000. Soko tulivu lisilo na mwelekeo lina 50 na hasara ya 100,000, na lililochafuka bila mwelekeo lina 40 na hasara ya 50,000.

Jibu la haraka ni kubaki na fungu la kwanza na kutupa mengine. Subiri kwanza. Tuseme matokeo ya biashara moja hupishana na wastani kwa kiasi cha franki 15,000. Gawanya namba hiyo kwa kipeuo cha pili cha 60 upate kosa la wastani la kama 1,900. Wastani wa fungu la kwanza, 5,000, umelizidi mara mbili na nusu; hiyo ni dalili nzuri. Fungu la tatu lina wastani wa hasara ya 2,000 na kosa la 2,100, hivyo hasara yake yaweza kuwa bahati mbaya tu. Ushahidi wa kulitupa bado haujatosha.

Tena, hesabu hiyo hudhani kila biashara inajitegemea, na mara nyingi sivyo. Tazama dola dhidi ya shilingi ya Kenya. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka kama 123 hadi karibu 157, kidogo kidogo, karibu kila siku. Siku nyingi za mwaka huo zinaweza kuangukia fungu la mwelekeo wenye utulivu. Biashara zako zote 60 zikitoka humo, una tukio moja lililorudiwa mara 60. Kwa hiyo hesabu vipindi: fungu lioneshe faida katika mielekeo kadhaa iliyotengana kwa miaka au kwa sarafu tofauti.

Februari 2024, Kenya ilipouza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa ya zamani, dola iliporomoka kutoka 160 hadi karibu 130 mwishoni mwa Machi. Asubuhi ya anguko, vipimo vya jana yake bado vingeweza kusema utulivu na mwelekeo. Hapo hasara hiyo ni ya fungu zuri, na haihamishwi kwenye fungu la mtikisiko baada ya tukio.

Kwa franki ya Burundi mtego ni mkubwa zaidi. Kiwango rasmi cha Benki ya Jamhuri ya Burundi kilipanda polepole kwa miaka, na kwa vipimo vyetu hilo ndilo fungu bora kabisa. Mei 2023 dola ikarushwa kwa mkupuo kutoka takribani 2,090 hadi zaidi ya 2,800. Utulivu wa awali ulikuwa wa bei iliyoshikiliwa, na mwenye kutafuta dola mitaani alikuwa akilipa bei nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuamini fungu lolote, hakikisha ungeweza kweli kununua na kuuza kwa bei ulizopimia.